Kufunga bawaba za kikombe kwenye milango ya kabati: shimo la mm 35, kitako, na skrubu tatu za kunyoosha mlango

Bawaba ya kikombe ni ile isiyoonekana kabati likiwa limefungwa. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kikombe cha chuma chenye kipenyo cha mm 35 kinachozama upande wa ndani wa mlango, kikiwa na mkono uliounganishwa nacho. Ya pili ni kitako kinachofungwa kwa skrubu kwenye ubavu wa kabati, na mkono hukaa juu yake. Skrubu za kurekebisha zipo kwenye mkono na kitako, na kwa sababu zipo, mafundi wengi huzitegemea kupita kiasi. Kwenye bawaba nyingi kila skrubu ina takriban mm 2 tu za kusogeza kila upande. Shimo likikosewa kwa mm 4, hakuna bisibisi itakayolirudisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kupima na kutoboa, na kurekebisha kunafuata baadaye.

Mfano tutakaoutumia ni kabati la chini la jikoni lenye upana wa mm 800 na kimo cha mm 720, la MDF ya mm 18, lenye milango miwili inayofunika mbavu kwa nje. Ukiwa na kabati la vipimo vingine, badilisha namba tu, hesabu ni ileile.

Kuchagua bawaba kabla ya kukata milango

Angalia umbo la mkono. Mkono ulionyooka ni wa mlango unaofunika ubavu karibu wote. Mkono uliopinda kidogo ni wa milango miwili inayogawana ubavu mmoja wa katikati, kila mlango ukifunika chini ya nusu. Mkono uliopinda sana ni wa mlango unaoingia ndani ya kabati na kukaa usawa na mbavu. Dukani mikono hii mitatu huwekwa kwenye maboksi yanayofanana, kwa hiyo fungua boksi na uangalie mwenyewe. Ukichanganya mkono ulionyooka na uliopinda kwenye mlango mmoja, mlango hautafunga.

Nunua bawaba za aina moja kwa kazi nzima, na ongeza jozi moja ya akiba. Umbali wa matundu ya skrubu hutofautiana kati ya watengenezaji, na miezi sita baadaye unaweza usiipate aina ileile.

Idadi ya bawaba hutegemea urefu na uzito wa mlango. Mlango wa hadi mm 900 hutosheka na bawaba 2. Kuanzia hapo hadi mm 1600 weka 3, na hadi mm 2000 weka 4. MDF ya mm 18 ina uzito wa takriban kilo 13 na nusu kwa mita moja ya mraba, hivyo mlango wetu mdogo una kama kilo 4 na bawaba 2 zinaubeba bila shida. Mlango wa kabati la nguo wa mita 2 kwa nusu mita unafika kilo 13 na zaidi, na ukiufunga kwa bawaba 2 utaanza kuning'inia hata kama kila shimo lilitobolewa sawasawa.

Vipimo vya milango

Tunataka mwanya wa mm 1.5 kwenye kila ukingo wa nje wa kabati na mwanya wa mm 3 katikati ya milango. Upana: 800 toa 3 za pembeni, toa 3 za katikati, inabaki 794, gawa kwa mbili, kila mlango ni mm 397. Kimo: 720 toa 3, mlango ni mm 717. Kwa kuwa ubavu una mm 18 na mwanya ni 1.5, mlango unatakiwa kufunika mm 16.5 za ubavu. Iandike namba hiyo mahali, tutairudia. Ukingo wa milango ukibandikwa ukanda, toa unene wa ukanda kwenye vipimo vya kukata, la sivyo mwanya wa katikati utamezwa.

Kabla ya kuendelea, pima kabati lenyewe kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari. Kwa mm 800 kwa 720, kila mshazari unapaswa kuwa takriban mm 1076, na la msingi ni kwamba yote miwili ilingane. Kabati lililolala upande likifungiwa milango iliyo mraba, mianya itakuwa mipana juu na myembamba chini, na utahangaika na bawaba ambazo hazina kosa lolote.

Ukuta wa shimo, na jaribio kwenye mabaki

Kipimo kinachoamua mlango utafunika kiasi gani ni unene wa mbao unaobaki kati ya shimo la kikombe na ukingo wa mlango. Hapa tutauita ukuta. Ukiongeza ukuta kwa mm 1, mlango unafunika mm 1 zaidi. Kitako kikiwa kirefu zaidi kwa mm 2, mlango unafunika mm 2 pungufu. Uhusiano huu haubadiliki, lakini namba ya kuanzia hutofautiana kati ya bawaba na bawaba. Kwa hiyo jaribu kwanza.

Chukua vipande viwili vya mabaki ya MDF hiyohiyo. Kimoja kiwe mlango, kingine ubavu. Toboa shimo lenye ukuta wa mm 5, yaani kitovu cha shimo kiwe mm 22.5 kutoka ukingoni, kwa sababu nusu ya 35 ni 17.5. Funga kitako kwenye kipande cha pili, mstari wa skrubu ukiwa mm 37 kutoka ukingo wa mbele. Weka skrubu ya pembeni katikati ya safari yake, funga mlango mdogo huo, kisha pima umefunika milimita ngapi. Tuseme umefunika 17.5 na sisi tunataka 16.5. Punguza ukuta uwe mm 4, na kitovu cha shimo kitahamia mm 21.5 kutoka ukingoni. Jaribio hili huchukua muda mfupi, na baada yake skrubu ya pembeni inabaki na nafasi ya kusogea pande zote mbili.

Ukuta ukae kati ya mm 3 na 6. Chini ya 3, chipubodi na MDF humeguka ukingoni, hasa kikombe kikikazwa. Zaidi ya 6, ukingo wa mlango unapozunguka huhitaji mwanya mkubwa zaidi, na mlango huanza kusugua ubavu au mlango jirani. Milango minene ya mbao kama mninga au mvule ya mm 22 na kuendelea ina tabia hii hata kwa ukuta mdogo. Hapo viringisha ukingo wa mbele kwa randa au msasa, au ongeza mwanya.

Kuweka alama

Laza milango yote miwili juu ya meza, upande wa ndani ukitazama juu, ikiwa imepangwa kama itakavyokaa ukiitazama kutoka ndani ya kabati. Andika kwa penseli "juu" kwenye kila mmoja, na chora mshale kuelekea ukingo wa bawaba. Makosa ya gharama kubwa katika kazi hii ni mawili: kutoboa upande wa mbele wa mlango, na kutoboa ukingo usio wa bawaba. Mshale wa penseli unayazuia yote.

Kitovu cha bawaba ya juu kiwe mm 100 kutoka juu ya mlango, na cha chini mm 100 kutoka chini. Pima yote mawili kutoka juu, yaani 100 na 617, ili kosa dogo la tepu lisijirudie mara mbili. Kabla ya kukubali vipimo hivyo, angalia ndani ya kabati kama kuna rafu au reli ya droo itakayogongana na kitako. Kama ipo, sogeza bawaba, si rafu.

Kwenye kila kimo vuta mstari kwa skwea, kisha weka alama ya mm 21.5 kutoka ukingoni. Dunga alama hiyo kwa panchi au msumari mkali ili ncha ya biti isiteleze.

Kutoboa shimo la kikombe

Biti ni ya mm 35, ya chini bapa, yenye ncha fupi katikati. Kwa MDF na chipubodi tafuta yenye meno ya kabidi. Gundi iliyomo kwenye bodi hizi hula makali ya biti ya kawaida haraka, na biti butu huchoma badala ya kukata. Ukiona moshi na vumbi la kahawia iliyoiva, biti imechoka au unaizungusha bila kuisukuma.

Pima kimo cha kikombe chako kwa rula. Vingi viko kati ya mm 11 na 13. Ongeza nusu milimita, na hicho ndicho kina cha shimo. Kwa kikombe cha mm 12 tunatoboa 12.5, na mlango wa mm 18 unabakiwa na 5.5 chini ya shimo. Hapo kumbuka ncha ya katikati ya biti. Baadhi ya biti za bei nafuu zina ncha ya mm 5 au 6, na ukitoboa mlango wa mm 16 kwa biti hiyo, ncha itatokea upande wa mbele kabla shimo halijafika kina. Pima ncha kabla. Ikizidi, ipunguze kwa jiwe la kunolea.

Ukiwa na drili ya mezani kazi ni rahisi. Funga ubao ulionyooka nyuma ya biti uwe kizuizi, umbali kutoka ncha ya biti hadi kizuizi uwe mm 21.5, weka kikomo cha kina, kisha toboa mashimo yote bila kubadilisha chochote. Ukiwa na drili ya mkononi, nunua kiolezo cha kubana ukingoni, kile chenye pete ya kuongoza biti ya mm 35. Ni kifaa kidogo lakini ndicho kinachofanya drili isimame wima, na kwangu hakuna kifaa kingine kwenye kazi hii kinachostahili fedha zake zaidi. Drili ikiinama kidogo tu, shimo huwa na kina upande mmoja na kikombe hukaa kimepinda.

Kama drili yako ina mfumo wa kugonga zege, uzime. Bana mlango mezani kwa klampu, vaa barakoa kwa sababu vumbi la MDF ni laini na huingia mapafuni, kisha anza taratibu mpaka duara lote la biti liguse ubao. Toboa hatua kwa hatua, ukiinua biti kutoa vumbi. Bila kikomo cha kina, zungushia biti utepe wa rangi, au simama mapema na ujaribishe kikombe mara kadhaa. Kikombe kinatakiwa kuingia kwa kusukumwa na kidole gumba, na bawa lake lilale bapa juu ya mlango bila kucheza.

Jikoni, hasa chini ya sinki, paka ndani ya shimo varnishi au gundi nyeupe iliyozimuliwa na uache ikauke. Shimo limefungua nyama ya bodi, na maji yakiingia hapo hufura na kukisukuma kikombe nje.

Kufunga kikombe na kitako

Sukuma kikombe, kisha weka skwea ukingoni mwa mlango na uhakikishe mkono uko pembe mraba kabisa na ukingo huo. Mikono miwili isiyolingana hushindana kila mlango unapofunguliwa, na baada ya muda skrubu hulegea. Tumia matundu ya bawaba yenyewe kuweka alama, usitumie vipimo vya bawaba nyingine. Toboa matundu ya kuongoza ya mm 2.5 yenye kina cha mm 10, halafu kaza skrubu za mm 3.5 kwa 16. Malizia kwa bisibisi ya mkono. Mashine ikiachwa izunguke mara moja zaidi, uzi wa chipubodi unakwisha na skrubu haishiki tena.

Sasa ubavu wa kabati. Hapa ndipo wengi hukosea kimo, kwa sababu wanahamisha 100 ileile ya mlango. Mlango unaanza mm 1.5 chini ya kichwa cha kabati, kwa hiyo kitovu cha kitako cha juu ni mm 101.5 kutoka juu ya ubavu, na cha chini ni 618.5. Chora mstari wima mm 37 kutoka ukingo wa mbele. Kitako cha kawaida kina matundu mawili yaliyoachana mm 32, kwa hiyo toboa mm 16 juu na mm 16 chini ya kitovu: kwa bawaba ya juu ni 85.5 na 117.5. Kama mlango wako ni wa kuingia ndani ya kabati, ongeza unene wa mlango kwenye 37. Kwa mlango wa mm 18 itakuwa 55.

Skrubu za kitako zikae katikati ya matundu marefu, si mwishoni, ili kimo kiweze kurekebishwa juu na chini.

Kuning'iniza mlango

Anza na bawaba ya juu, kwa sababu ikishashika inabeba uzito na mikono yako inabaki huru kwa ya chini. Bawaba za kubana huingia kwa mlio wa "tak". Za kuteleza huingizwa kutoka mbele chini ya skrubu ya nyuma, kisha skrubu hiyo hukazwa. Funga mlango polepole sana mara ya kwanza. Ukikataa au ukigota, usiulazimishe. Tafuta mkono uliokaa vibaya kwenye kitako.

Usianze kunyoosha milango kabla kabati halijafungwa ukutani mahali pake, likiwa sawa kwa pimamaji. Kabati likikazwa kwenye ukuta uliopinda, kiunzi hujikunja kidogo na mianya yote hubadilika.

Kurekebisha: pembeni, kimo, kina

Skrubu ya mbele kwenye mkono, iliyo karibu na mlango, husogeza mlango kushoto au kulia. Ya nyuma ni ya kina, huupeleka mlango ndani au nje. Kwenye bawaba nyingi hulegezwa, mlango ukasogezwa kwa mkono, ikakazwa tena. Kwenye nyingine kuizungusha tu kunatosha. Kimo hurekebishwa kwa kulegeza skrubu za vitako vyote na kuuinua au kuushusha mlango mzima, au kwa skrubu maalumu iliyo kwenye kitako.

Mlango ukionekana umening'inia, pembe ya upande wa kushikia ikiwa chini, mkono wa fundi huenda kwenye skrubu za kimo. Si hizo. Mlango huo umezunguka, haujashuka, na dawa yake ni skrubu za pembeni. Ivute bawaba ya juu ielekee upande wa bawaba, au isukume ya chini ielekee upande wa kushikia. Kwenye mlango wetu bawaba zimeachana mm 517 na upana ni 397, kwa hiyo kuisogeza bawaba moja mm 1 kunainua pembe ya mbali kwa karibu mm 0.8. Mlango mwembamba mrefu utainuka pungufu ya hapo, na mlango mpana mfupi utainuka sana kwa mzunguko mdogo wa bisibisi.

Kwa sababu hiyo anza na mzunguko: tumia skrubu za pembeni mpaka ukingo wa mlango uwe sambamba na ubavu. Kisha linganisha kimo cha milango miwili. Kisha rudi kwenye skrubu za pembeni, safari hii ukizungusha juu na chini kwa kiasi kilekile, mpaka mwanya wa katikati uwe mm 3 kuanzia juu hadi chini. Zungusha robo tu, funga, tazama. Mwelekeo wa skrubu hutofautiana kati ya bawaba, na robo ya kwanza itakuonyesha.

Kina ni cha mwisho. Upande wa bawaba, mlango uliofungwa uache mwanya wa kama mm 1 kutoka kwenye kabati. Ukibana kabisa hapo, ukingo wa bawaba hugusa kwanza na upande wa kushikia hubaki wazi au hufunguka wenyewe. Watu hulaumu springi ya bawaba wakati tatizo ni skrubu ya nyuma. Mwanya ukiwa mkubwa, mlango huchomoza mbele ya jirani yake. Kama pembe moja tu ndiyo inayochomoza na nyingine tatu zimekaa, mlango umepinda. Tofauti ya kina kati ya bawaba ya juu na ya chini inaweza kuficha milimita moja hivi, zaidi ya hapo badilisha mlango.

Ukimaliza, kaza skrubu zote za kina na za vitako, bandika vidonge vya mpira kwenye pembe za upande wa kushikia, na uangalie tena mianya baada ya kabati kujazwa vyombo.

Skrubu ikizunguka bure, kikombe kiking'oka

Tundu la kitako lililoisha uzi lipanue kwa biti ya mm 8, piga kijiti cha mbao cha kipenyo hicho kwa gundi, kikate usawa, na kesho yake toboa upya. Vijiti vya kuchokolea meno na gundi hushikilia kwa muda tu.

Kikombe kilichong'oka na kumegua ukuta hakirudi mahali pake kwa uimara, hata kwa gundi ya epoksi. Ziba shimo kwa kizibo cha mm 35 kilichokatwa kutoka kwenye bodi, kisha hamisha bawaba mm 70 juu au chini na utoboe shimo jipya kwenye bodi nzima, kitako kikifuata kimo hichohicho kwa kuongeza ile mm 1.5.